Salamu Zako: Mwenye Salamu na Mchukuzi Wake katika Kiswahili cha Loitokitok

Makala haya yanahusu salamu anazopewa mtu ampelekee mwingine asiyekuwapo. Maamkio ya ana kwa ana yamekwisha kuandikiwa mengi, na kila kitabu cha kufundishia Kiswahili huanza nayo. Salamu za kutumwa, kwa upande mwingine, mara nyingi hutajwa kwa kupita tu, katika sura ya kauli ya kutendea, pale mwanafunzi anapoonyeshwa sentensi kama "nisalimie mama", kisha akapelekwa kwenye mfano mwingine. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili huzihesabu salamu hizo kuwa kitu kilichotiwa mkononi mwa mtu, na kwamba sarufi yenyewe, hasa nyakati za kitenzi na vivumishi vya kumiliki, huonyesha katika kila hatua ni nani anayewajibika. Kwa hiyo anayezifikisha vibaya hafichiki, kwani maneno yake humtaja.

Mahali palipochaguliwa ni Loitokitok, mji ulioko upande wa Kenya katika mteremko wa Kilimanjaro, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Wamaasai wa Kisonko wanakutana hapo na Wakikuyu na Wakamba waliohamia kwa kilimo na biashara, na pia na Wachaga wanaovuka kutoka Rombo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Vijana wengi wa pande hizo hutafuta kazi Kitengela, mji uliokua haraka karibu na Athi River, katika ncha nyingine ya kaunti hiyohiyo ya Kajiado. Ingawa ni kaunti moja, njia ya kawaida ya gari humpeleka msafiri kwanza Emali, kisha kwenye barabara kuu ya Mombasa, akatoka katika Kajiado na kuirudia mwishoni. Safari hiyo si ya kila siku kwa watu wengi, na anayeifanya hupewa salamu. Simu za mkononi zimeenea, na tangu mwaka 2007 hata fedha hutumwa kwa simu. Lakini salamu za mdomo hazikukoma. Sababu yake itaonekana mbele.

Kuagiza salamu

Kitenzi kinachotumika ni salimu, chenye asili ya Kiarabu, na umbo lake la kutendea ni salimia, kama vile haribu inavyozaa haribia na jibu inavyozaa jibia. Katika "nisalimie mama", kiambishi ni- hakimtaji anayesalimiwa. Kinamtaja yule ambaye tendo linafanywa kwa niaba yake, na "mama" ndiye anayesalimiwa. Kwa istilahi za sarufi, hapa pana yambwa mbili, na zote mbili ni watu. Hilo si jambo dogo. Katika "nipikie wali" hakuna awezaye kudhani kwamba wali ndio unaopikiwa. Lakini katika "baba alinisalimia mjomba" msikilizaji hana budi kujua kwanza kwamba mjomba hakuwapo mbele ya msemaji, ndipo aelewe kwamba baba alipeleka salamu. Na likiondolewa neno "mjomba", maana hugeuka mara moja: "baba alinisalimia" ni kwamba baba alimwamkia msemaji mwenyewe.

Utata huu umezidi kwa sababu salimia, katika mazungumzo ya kila siku, imekwisha kupoteza nguvu yake ya kutendea. Watu husema "alimsalimia" pale ambapo "alimsalimu" ingetosha. Katika Kiswahili cha bara la Kenya mara nyingi hata ni- huachwa, pakasemwa tu "salimia mama", au "usalimie watu wa nyumbani". Mwalimu mwenye haraka angeandika kosa kwa wino mwekundu. Lakini hasara yake si ya sarufi tu: aliyeambiwa "salimia mama" anaweza kumsalimu mama huyo kwa niaba yake mwenyewe, akaona ametimiza wajibu, na jina la aliyemtuma lisitajwe kabisa. Kiambishi ni- ndicho kinachobeba jina la mtumaji. Inafaa kutaja kwamba Kikuyu, ambacho ni lugha ya nyumbani ya wafanyabiashara wengi wa Loitokitok, kina umbo la namna ileile: "ũngeithĩrie maitũ" ni unisalimie mama yangu, nafsi ya kwanza ikikaa kabla ya shina na alama ya kutendea ikifuata shina. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu wa bara huacha ni- kwa kuwa lugha yake ya kwanza haina kitu kama hicho.

Mtumaji huweka pia mpaka wa wajibu. Akisema "ukimwona nisalimie", kiambishi -ki- kimefanya sharti: wajibu unaanza pale tu watakapoonana, na asiyemwona hana deni. Akisema "ukifika Kitengela nisalimie kijana wangu", sharti limehama kutoka kuonana hadi kufika, nalo ni zito zaidi, kwani msafiri atafika. Na akisema "upite ukanisalimie", kiambishi -ka- kimemtwika mchukuzi safari ya ziada. Ulinganisho huu hufanywa na wazee bila kufikiri. Anayejua kwamba mchukuzi ana haraka humwambia "ukimwona", ili asimbebeshe mzigo. Na anayetaka salamu zifike kwa hakika hutaja mahali, na hata mlango.

Kukubali

Jibu la anayetumwa lina umbo la kushangaza. Akiambiwa "nisalimie mama", mara nyingi hujibu, "Zimefika." Jambo hilo husikika sana Tanzania, na katika mpaka wa Rombo limevuka hadi upande wa Kenya, ingawa hapo "zitafika" nayo husikika. Msemaji bado yuko mbele ya mtumaji, hajapiga hatua moja, na anasema kwa -me-, alama ya tendo lililotimia. Haiwezekani kulieleza kama kosa la wakati. -me- hapa ni ahadi inayozungumzwa kana kwamba imekwisha kutekelezwa, kama vile anayeitwa anavyojibu "nimekuja" akiwa bado anafunga kiatu. Aliyesema "zimefika" amejifunga zaidi ya aliyesema "zitafika", kwani huyu wa pili ametaja jambo la baadaye tu, na la baadaye lina mengi ya kulizuia.

Pwani, penye mapokeo ya Kiislamu, wajibu huu una jina: amana. Wanazuoni wa fikihi walitofautisha kati ya aliyekubali kupeleka salamu na asiyekubali. Aliyekubali amechukua amana na ni lazima aifikishe. Aliyenyamaza au kukataa hana lawama. Ndiyo maana mtu mwangalifu huko husema "inshallah zitafika", akiacha nafasi ya kisichotabirika bila kuukana wajibu wenyewe. Wamaasai na Wakikuyu wa Loitokitok, ambao wengi ni Wakristo, hawalitumii neno amana kwa salamu; lakini swali wanaloliuliza mtu akirudi ni lilelile: "Ulinisalimia?"

Kufikisha

Hatua hii ndiyo tajiri kuliko zote, na inafaa kuanza na wakati wa kitenzi. Mchukuzi akifika husema, "Bibi yako anakusalimu." Bibi hayupo. Alisema maneno yake jana au juzi, na saa hiyo huenda amelala. Hata hivyo kitenzi kina -na-, si -li-. Barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zile ambazo C. G. Büttner alizichapisha katika mkusanyo wake wa mwaka 1892, zimo katika mapokeo hayohayo ya uandishi ambamo jamaa wa nyumbani hutajwa kwa umbo la -a-, "wakusalimu", lisilofunga tendo katika siku iliyopita. Kiarabu nacho hufanya hivyo. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume anampasha Aisha salamu za Jibrili kwa kitenzi cha wakati usiotimia, na Aisha anamwitikia Jibrili asiyemwona kwa nafsi ya tatu.

Maana yake ni kwamba salamu haisimuliwi, bali hutolewa upya mdomoni mwa mchukuzi. Anapotamka "anakusalimu", mtumaji anasalimu wakati huohuo, akitumia sauti ya mwingine. Mtu akisema "alikusalimu", ameondoka katika kazi ya uchukuzi na kuingia katika kazi ya kusimulia. Anaeleza jambo lililotokea siku fulani, ambalo huenda limekwisha kupita. Msikilizaji wa Kiswahili huisikia tofauti hiyo upesi, na swali lake la kwanza huwa "Lini?" Mara nyingine swali ni zito zaidi, kwa sababu -li- ndiyo inayotumika pia kwa salamu za marehemu. Aliyezikalia salamu hadi mtumaji akafariki hawezi tena kusema "anakusalimu". Atalazimika kusema "alikusalimu", na neno hilo moja litamwambia mwenzake kwamba palikuwa na siku ambazo salamu hizo zingeweza kujibiwa.

Jambo la pili ni umilikaji. Bibi akiagiza husema "salamu zangu". Mchukuzi akifika husema "nimekuletea salamu zako", yaani za mpokeaji. Akirudi kwa bibi husema "salamu zako zilifika", yaani za bibi. Umbo ni lilelile, "salamu zako", na mwenyewe ni mwingine. Mgeni anayejifunza lugha huona hapa fujo. Lakini neno "barua" lina tabia hiyohiyo, kwani "barua yako" ni ile uliyoiandika na pia ile uliyoandikiwa; na mtu akisema "kuna fedha zako hapa", hakuna anayeuliza zimetoka kwa nani ndipo azikubali kuwa zake. Kinachopaswa kuangaliwa ni kwamba katika mzunguko wote huo pana mtu mmoja asiyetajwa kamwe kuwa mwenye salamu, naye ni yule anayezibeba. Hasemi "nina salamu zangu kwako" akiwa na maana ya salamu za bibi. Mkononi mwake zimo, lakini si zake, na lugha haimpi nafasi ya kusema vingine. Mpokeaji anahesabiwa kuwa mwenyewe tangu salamu zilipoanza safari. Kwa hiyo asipopewa, amenyimwa kilicho chake.

La tatu ni majina ya ukoo, na hapo ndipo mchukuzi mwaminifu analazimika kubadili maneno ili asibadili maana. Bibi amesema "nisalimie mjukuu wangu". Mchukuzi akimwambia kijana "mjukuu wangu unasalimiwa" atakuwa amejifanya bibi. Hana budi kugeuza uhusiano uanzie kwa mpokeaji: "bibi yako anakusalimu". Mgeuzo huo ni rahisi panapokuwa na bibi na mjukuu. Huwa mgumu kijana anapomwagiza mtu "nisalimie shangazi", na mchukuzi hajui kama kijana huyo ni mtoto wa kaka yake shangazi kwa damu au ni mtoto wa jirani anayeita hivyo kwa adabu. Wengi hukimbilia jina la mtumaji peke yake. Njia hiyo ni salama, lakini imepunguza kitu: mtumaji alichagua "shangazi" kwa makusudi, na pengine huo uhusiano ndio uliokuwa salamu yenyewe.

La nne ni kwamba maamkio yenyewe hayabebeki yote. Upande wa Rombo mdogo humpa mkubwa shikamoo, na anaweza kuagiza "mpe shikamoo yangu". Mchukuzi akiwa mkubwa kuliko mpokeaji, hawezi kumtamkia shikamoo bila kuvunja adabu. Atasema "kijana wako anakuamkia", na mpokeaji, ambaye angejibu marahaba, naye hatamrushia marahaba mtu mzima aliyesimama mbele yake. Atasema "nimeitikia". Upande wa Wamaasai ugumu ni mkubwa zaidi. Mwanamume huamkiwa kwa sopa na mwanamke kwa takwenya, na kila moja ina kiitikio chake. A. C. Hollis alikwisha kuyaandika maamkio hayo ya jinsia mbili katika kitabu chake cha mwaka 1905, kwa tahajia ya wakati wake. Mtoto naye huinamisha kichwa ili mzee akiguse. Kichwa kilichoinamishwa hakiwezi kutiwa mkononi mwa msafiri. Huenda hii ni sababu mojawapo ya neno "salamu" kupendwa sana katika mji wa lugha nyingi kama Loitokitok: linachukua tendo la kusalimu bila kuchukua umbo lake. Bibi wa Kimaasai humpa salamu mfanyabiashara wa Kikuyu kwa Kiswahili, na kijana huko Kitengela atazipata bila yeyote kumtamkia mwenzake neno lisilofaa umri au jinsia yake.

Mfano mmoja

Mfano ufuatao umetungwa, lakini kauli zake ni za kawaida. Mama mmoja wa Loitokitok anapeleka nyanya na vitunguu Nairobi, na usiku atalala Kitengela kwa dada yake. Jirani yake, bibi wa Kimaasai, anamwambia: "Mama Fulani, ukifika Kitengela nisalimie yule mjukuu wangu wa pale duka la mbao. Mwambie niko salama, ni magoti tu. Na mvua imenyesha." Mama anajibu, "Zitafika, koko," akitumia neno la Kimaasai la bibi, kama majirani wa hapo wanavyofanya.

Mzigo una vitu vitatu. Kuna salamu yenyewe. Kuna hali ya bibi, ambayo uzito wake umo katika neno "tu": magoti yanauma kama yanavyouma siku zote. Na kuna mvua, ambayo mtu wa mbali angeidhani kuwa ya kupamba mazungumzo. Kwa jamaa ya wafugaji, habari ya mvua ni habari ya malisho. Mjukuu akiisikia anajua kwamba ng'ombe hawatahamishwa mwezi huu, kwamba hataombwa fedha za majani, na kwamba hana haja ya kuomba ruhusa kazini.

Mama anafika kwenye duka la mbao jioni na kumkosa kijana. Ana haraka, kwa hiyo anamwachia maneno kijana mwingine wa kibanda cha jirani. Siku tisa baadaye huyu wa pili anamwona mwenyewe na kumwambia: "Kuna mama alipita hapa. Ati nyanya yako alikusalimu. Ati anaumwa miguu."

Yafaa kuitazama kauli hii neno kwa neno. Mchukuzi wa kwanza amekuwa "mama" asiye na jina, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Wakati wa kitenzi umehama kutoka -na- hadi -li-. Neno "ati" limeingia mara mbili; nalo ni neno ambalo msemaji hulitumia kujitenga na anachokisema, kama kwamba anasema amekisikia na hakiwekei dhamana. "Magoti tu" yamekuwa "anaumwa miguu", kwa kuwa neno dogo "tu" ndilo la kwanza kudondoka njiani. Na mvua imesahauliwa kabisa, kwa sababu kijana wa kibanda, ambaye hana ng'ombe, hakuona ni ya nini. Hakuna uongo hata mmoja katika sentensi hizo. Hata hivyo mjukuu amesikia kwamba bibi yake alimkumbuka siku nyingi zilizopita na kwamba ni mgonjwa. Anapiga simu ya jirani ya huko nyumbani, haipatikani. Anaomba ruhusa, anakopa nauli, anapanda gari la Emali, na kumkuta bibi amekaa nje anapukuchua maharagwe. Siku mbili za ujira zimepotea, na deni la nauli limebaki.

Kama mama angemngoja, au angerudi asubuhi kabla ya kuondoka, maneno yangekuwa haya: "Nimekuletea salamu zako. Koko wako anakusalimu. Anasema yuko salama, ni magoti tu, na mvua imenyesha. Hayo ndiyo aliyonipa. Mimi nimemwacha jana amekaa nje, anapukuchua maharagwe." Katika kauli hii pana mpaka ulio wazi kati ya vitu viwili. Kabla ya "hayo ndiyo aliyonipa" kila neno ni la bibi, limegeuzwa pale tu ukoo ulipohitaji kugeuzwa. Baada yake ni ushahidi wa mchukuzi mwenyewe, nao una fomula yake: "nimemwacha", katika -me-, yaani hali ile niliyoiona bado inadumu kadiri nijuavyo. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini simu haikuziondoa salamu za mdomo. Kwa simu bibi atasema "niko salama", na mjukuu atamjibu vilevile, na wote wawili wanaweza kufichana. Mchukuzi ameona kwa macho. Lakini ushahidi huo una thamani tu pale unapotengwa na salamu. Mchukuzi aliyezoea kuchanganya, akasema "koko anasema magoti yamezidi" kwa kuwa yeye mwenyewe ameona hivyo, amemtia bibi maneno kinywani, hata kama alichokiona ni kweli.

Je, wa pili katika mnyororo angefanyaje? Kupokezana si kosa lenyewe. Salamu nyingi za Loitokitok hupita mikono miwili au mitatu. Mama angeweza kumwachia kijana wa kibanda sentensi moja fupi isiyoweza kuvunjika, "Mwambie Mama Fulani wa Loitokitok amekuletea salamu za bibi yako, na bibi ni mzima", pamoja na mahali pa kumpata, ili maelezo mengine yatolewe na aliyeyapokea. Kilichoharibika ni kwamba alipokeza mzigo wote wa vitu vitatu kwa mtu asiyejua thamani ya kimojawapo, na asiyesema "zitafika". Kijana yule hakuahidi kitu. Aliitikia kwa kichwa tu, huku akimhudumia mteja.

Kuitikia na kurudisha

Mpokeaji wa pwani aliyeshika mapokeo ya Kiislamu huitikia "alaika wa alaihi salaam", akimwingiza mchukuzi na mtumaji katika jibu moja, mchukuzi akitangulia. Bara hakuna fomula iliyokamilika hivyo. Kijana wa Kitengela atasema "asante", neno ambalo linamhusu aliye mbele yake tu, kisha "nimezipokea", au "zimefika". Neno hili la mwisho ndilo lilelile ambalo mtu wa Rombo hulisema kabla ya kuondoka. Lilitamkwa mara ya kwanza kama ahadi. Sasa linatamkwa na mwenye haki ya kulitamka, na ahadi imefungwa.

Pamoja na hayo mzunguko haujaisha mpaka bibi apate habari. Mama akirudi kutoka sokoni atasema, "Salamu zako zilifika." Wakati wa -li- hapa hauna ubaya wowote, kwa kuwa kufika ni tukio lililokwisha kutimia na linasimuliwa kama lilivyo. Ila bibi hatosheki na tangazo hilo, kwani hata asiyefika dukani angeweza kulisema. Atauliza, "Alisemaje?" Swali hili linaonekana la mazungumzo tu, na kwa kweli ni hakiki. Jibu linalofaa halina budi kuwa na kitu ambacho mchukuzi asingeweza kukijua ila kwa kuonana na mjukuu. Mama akijibu "alifurahi sana, naye anakusalimu", bibi ataitikia kwa adabu na kunyamaza. Akijibu, "Aliuliza kama yule mtamba mwenye doa jeupe ameshazaa," bibi atacheka, atasogeza kigoda, na kuanza kumweleza habari za mtamba huyo.